Je, Wajua? Katikati ya Kibao Si Katikati ya Picha

Anayetaka kubadilisha maneno ya kibao cha mtaa ndani ya picha huanza na swali la fonti: mwandiko huu unaitwaje, nitaupata wapi? Swali hilo huniudhi, kwa sababu linampeleka mtu mahali pasipo na tatizo. Fonti ikikosewa kidogo, wasomaji wengi hawatagundua. Kinachoiumbua picha ni uso wa bati lenyewe. Bati limekaa upande, ncha moja iko karibu na kamera na nyingine iko mbali, na lenzi imeubana uso huo kwa kanuni isiyobadilika. Anayeielewa kanuni hiyo anaweza kuandika herufi mpya kwa mkono na zikakaa sawasawa. Asiyeielewa anaweza kuwa na fonti sahihi kabisa, na bado maneno yake yakaelea juu ya picha.

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam. Barabara ya ufukweni iliyojulikana kwa miaka mingi kama Ocean Road ilipewa jina la Barack Obama mwaka 2013, rais huyo wa Marekani alipoitembelea Tanzania. Tuseme mwandaaji wa maonyesho ya historia ya jiji ana picha ya zamani yenye kibao kilichoandikwa OCEAN ROAD. Kando yake anataka kuweka picha ya pili, inayoonyesha kibao kile kile kingesomekaje kama mwandishi yule yule wa vibao angeandika BARACK OBAMA DRIVE. Bati lina urefu wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 30, ni jeupe, na herufi zake nyeusi zimechorwa kwa brashi. Mpiga picha alisimama pembeni, karibu na ncha ya kushoto. Kwa hiyo pichani ukingo wa kushoto una kimo cha pikseli 300, wa kulia una pikseli 200, na kati ya kingo hizo mbili kuna pikseli 500.

Sasa jiulize: katikati ya kibao ni wapi?

Wengi watagawanya 500 kwa mbili na kuweka alama kwenye pikseli ya 250. Wamekosea kwa pikseli 50. Chukua rula, chora mstari kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha mwingine kutoka pembe ya chini kushoto hadi ya juu kulia. Mistari hiyo inakutana kwenye pikseli ya 300, na hapo ndipo katikati halisi ya bati. Katika mstatili wowote mistari ya pembe kwa pembe hukutana katikati, na kamera haiwezi kuipinda mistari iliyonyooka, kwa hiyo makutano yanabaki kuwa katikati hata pichani. Wachoraji wa Italia waliijua nguvu ya mstari huo zamani. Leon Battista Alberti, katika kitabu chake cha uchoraji cha mwaka 1435, aliutumia kukagua kama sakafu yenye vigae imechorwa kwa usahihi.

Maana yake ni kwamba nusu ya kushoto ya kibao chetu imepewa pikseli 300 na nusu ya kulia imeachiwa 200. Herufi za kulia hazikupungua kimo tu, zimebanwa pia ubavuni, na nafasi kati yake zimebanwa vilevile. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mtu huandika maneno mapya yakiwa yamenyooka, kisha anavuta pembe za kulia zipungue kimo ili umbo lifanane na kibao, lakini programu yake inapunguza kimo peke yake na kuacha upana wa herufi zote ukiwa sawa. Jicho la mtazamaji halijui hesabu, ila linahisi kwamba herufi za mwisho ni pana na fupi, na kwamba maneno yamebandikwa.

Dawa yake ni kukilaza kibao kwanza. Unaiambia programu pembe nne za bati ziko wapi pichani, kisha unaiambia pembe hizo zinatakiwa ziwe pembe za mstatili. Kila pembe inatoa vipimo viwili, kimoja cha kwenda kulia na kimoja cha kushuka chini, na pembe nne zinatoa vipimo 8. Uhusiano kati ya uso wowote bapa na picha yake una namba 8 tu zisizojulikana, kwa hiyo pembe nne zinatosha kuzipata zote. Huhitaji kujua kamera ilikuwa ya aina gani wala mpiga picha alisimama umbali gani. Katika GIMP kifaa hicho kinaitwa Perspective, na ukikiweka kwenye Corrective (Backward) kinakigeuza kibao kilichokaa upande kiwe bapa mbele yako. Ukimaliza kuandika, namba zile zile zinakirudisha kilipokuwa.

Lakini pembe hazikuambii jambo moja: mstatili huo una uwiano gani. Pichani kibao chetu kina upana wa pikseli 500 na kimo cha wastani wa 250, kwa hiyo kinaonekana kuwa na urefu mara mbili ya kimo, na wengi hukilaza hivyo hivyo. Bati halisi ni mara nne. Ukilikosea hilo kisha ukaandika kwa fonti ya kawaida, herufi zako zikirudi kwenye picha zitakuwa pana kupita kiasi hata kama mistari yote imenyooka. Kama hujui vipimo vya bati, tafuta umbo unalolijua. Kichwa cha bolti ya duara kinatosha, na kibao chetu kina O mbili. O ya mwandishi wa vibao si lazima iwe duara kamili, lakini ikitoka imesimama kama yai au imelala, unajua uwiano bado haujakaa sawa. Ninalaza kibao chetu kwa pikseli 1200 kwa 300, sawa na pikseli 10 kwa kila sentimita, na O zinakaa vizuri.

Kufuta maneno ya zamani ndiyo hatua watu wanayoiogopa, nayo ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa mradi usitumie rangi moja. Weupe wa bati la zamani si mmoja. Una michirizi ya kutu chini ya bolti, una vumbi, una mwanga unaofifia kuelekea upande wa mbali. Chukua vipande vidogo vya weupe ulio jirani na kila herufi, juu yake na chini yake, uvinakili pale ilipokuwa herufi, kama fundi anayetafuta kiraka ambacho ua la kanga litaendelea bila kukatika. Mchirizi wa kutu ulioingia nyuma ya herufi kutoka juu lazima utokee chini yake. Usisahau pia kwamba rangi ya brashi ina unene, na herufi nzito huacha ukingo hafifu unaokamata mwanga. Ukiuacha, OCEAN itaendelea kusomeka chini ya BARACK.

Sasa herufi, na hapa nakiri nina mapenzi. Fundi aliyechora kibao kwa brashi hakutumia fonti. Alitumia mkono wake, na mkono huo haupo kwenye orodha ya kompyuta yoyote. Ila ametuachia akiba. Maneno OCEAN ROAD yana herufi saba tofauti: O, C, E, A, N, R na D. Maneno BARACK OBAMA DRIVE yanahitaji kumi na moja. Sita tunazo tayari, yaani A, R, C, O, D na E. Zinazokosekana ni B, K, M, I na V, na zote tano zinaweza kuundwa kutokana na viungo vya zile zilizopo.

I ni mguu wa E uliokatwa mikono yake. B inachukua mguu na tumbo la juu la R, kisha tumbo la chini linatoka kwenye D iliyopunguzwa, likizidi la juu kidogo kwa upana. K inasimama kwa mguu wa E, mkono wake wa chini ni ule mguu wa mshazari wa R, na wa juu unatoka kwenye mstari wa mshazari wa N ulioelekezwa upya. M inaazima miguu miwili ya N, na kati yake inaingia V.

V ndiyo inayofundisha zaidi. Kila mtu ataiona mara moja: ni A iliyogeuzwa, bila ule mstari wa katikati. Swali ni kuigeuza vipi. Mafundi wengi wa brashi huchora A ikiwa na mguu mwembamba kushoto na mnene kulia, na V ikiwa na mkono mnene kushoto na mwembamba kulia. Ukiipindua A juu chini kama inavyoonekana kwenye maji, mkono mnene unabaki kulia na V yako inakuwa ya kigeni, ingawa mtazamaji hataweza kusema kasoro iko wapi. Ukiizungusha nusu duara, juu ikaenda chini na kulia ikaenda kushoto, unene unahamia mahali pake. Kwa hiyo A inazungushwa, haipinduliwi.

Halafu kuna A zenyewe. Maneno mapya yanahitaji nne, na kibao kimetupa mbili, ya OCEAN na ya ROAD. Zitazame kwa karibu: hazifanani, kwa sababu mkono wa binadamu haurudii. Ukinakili moja mara nne, mkwaruzo ule ule utatokea mara nne kwa umbali unaolingana, na hiyo ndiyo alama ya kwanza ambayo mkaguzi wa picha huitafuta. Tumia zote mbili, kisha kwa zile mbili zilizobaki badilisha kidogo mwisho wa miguu na uondoe mikwaruzo iliyokuja nazo.

Linabaki tatizo la urefu. OCEAN ROAD, ukihesabu na nafasi, ni alama 10 zilizotandazwa kwenye sentimita 100 za bati kwa herufi zenye kimo cha sentimita 12. Jina jipya lina alama 18, kwa hiyo kwa ukubwa huo huo lingehitaji sentimita 180, na bati lina 120. Jibu la haraka la wengi ni kuyabana maneno ubavuni mpaka yaingie. Usifanye hivyo. Herufi ikibanwa ubavuni, mistari yake iliyosimama inakonda wakati iliyolala inabaki minene, na hakuna fundi wa brashi aliyewahi kuandika hivyo. Kuipunguza pande zote nako kungetupa herufi za kimo cha chini ya sentimita 7, zilizopotea katikati ya bati kubwa. Mwandishi wa vibao angegawanya mistari miwili: BARACK OBAMA juu, DRIVE chini. Mstari wa juu una alama 12, na ukipunguzwa hadi asilimia 83 unaenea kwenye zile sentimita 100 kwa kimo cha sentimita 10. Mistari miwili ya sentimita 10, pengo la sentimita 4 kati yake, na sentimita 3 za ukingo juu na chini: jumla ni 30, bati zima.

Wakati wa kurudisha kazi kwenye picha, rudisha herufi peke yake zikiwa kwenye tabaka lisilo na mandhari, pamoja na vile viraka vya weupe. Usirudishe bati zima. Upande wa mbali ulikuwa na pikseli chache tangu mwanzo, na ulipolazwa ulinyooshwa. Ukiurudisha unapoteza ukali mara ya pili, na kibao kizima kitaonekana kimelowa ukungu.

Kisha fuata mwanga. Pima weupe wa bati karibu na kila ncha, halafu upime weusi wa kitu ambacho hukukigusa, tuseme kivuli kilicho nyuma ya nguzo. Weusi wa picha ya zamani si sifuri, ni kijivu kizito, na mara nyingi una rangi ndani yake. Herufi zako zisiwe nyeusi kuliko huo. Kama kivuli cha mti kimepita juu ya bati, kipite pia juu ya herufi mpya. Mwisho pima ukungu: hesabu ukingo wa bati unachukua pikseli ngapi kutoka weupe hadi rangi ya nyuma yake. Kama ni tatu, kingo za herufi zako nazo ziwe tatu. Ongeza chembechembe za filamu zilizomo kwenye picha yote, maana herufi laini kwenye picha yenye chembe hujitaja yenyewe.

Ukitaka kukagua kazi ya mtu mwingine, rudi kwenye rula. Refusha ukingo wa juu na wa chini wa kibao chetu kuelekea kulia, na kingo hizo zitakutana pikseli 1000 baada ya ukingo wa mbali. Mstari unaopita chini ya miguu ya herufi lazima ufike kwenye nukta hiyo hiyo, na ule unaopita juu ya vichwa vyake pia. Ukipita kando, maneno hayakuwa kwenye bati hilo. Kipimo hiki hakihitaji programu yoyote, na kila mhariri wa gazeti anapaswa kukijua, kwa sababu picha za vibao vilivyochezewa husambaa kila msimu wa uchaguzi na kila pakitokea mgogoro wa jina la mtaa. Kina mipaka yake: bati lililokunjika, maandishi kwenye nguzo ya duara, au picha ya lenzi pana ambayo kingo zake zimevimba havitii kanuni ya pembe nne. Hapo kazi hugawanywa vipande vidogo vinavyokaribia kuwa bapa.

Mashine nazo zimeijifunza kazi hii. Mwaka 2010 ilitoka programu ya simu iitwayo Word Lens, iliyoanzishwa na Otavio Good, ambayo ilifuta maneno ya kibao mbele ya kamera na kuweka tafsiri mahali pake papo hapo. Google iliinunua kampuni yake mwaka 2014, na mwaka uliofuata uwezo huo ukaingia ndani ya Google Translate. Mwaka 2019 watafiti wa China walionyesha mtandao wa neva ulioitwa SRNet, wenye mgawanyo ambao fundi yeyote angeutambua: sehemu moja inaandika neno jipya kwa mtindo wa lile la zamani, ya pili inafuta, ya tatu inaunganisha. Waliufundisha kwa picha za kutengeneza, kwa kuwa huwezi kupata mtaani maelfu ya vibao viwili viwili vinavyofanana kila kitu isipokuwa neno. Mashine hizo ni za haraka, lakini zinaijua herufi kama umbo. Baada ya kazi yao soma kila neno herufi kwa herufi, na uitafute ile alama ndogo ya ng'.

Sasa niseme linaloniuma. Akiba ya herufi niliyoieleza hapa ipo tu kama kuna picha ya kibao, na picha nyingi tulizonazo ni za bahati: harusi ilipita, kibao kikaingia pembeni. Mwaka 2022, kabla ya Sensa, Operesheni ya Anwani za Makazi ilisimika vibao vya mitaa nchini kote Tanzania, na lilikuwa jambo jema. Lakini kibao kipya kinaposimama, cha brashi huenda kwa wauza vyuma chakavu bila mtu kukipiga hata picha moja. Mwandiko wa fundi aliyeandika nusu ya mji unapimwa kwa kilo. Ofisi ya mtaa haihitaji bajeti kulizuia hilo. Inahitaji mtu mwenye simu asimame mbele ya bati, usawa wa katikati yake, si pembeni, wakati jua haliliangazi moja kwa moja, na aweke rula au karatasi ya A4 kando yake, kwa kuwa karatasi hiyo ni milimita 210 kwa 297 popote duniani na inampa kila atakayefuata uwiano sahihi. Picha moja ya namna hiyo inaokoa nusu ya kazi niliyoieleza.

Matumizi mengine ya ujuzi huu ni mengi: filamu zinazosimulia zamani lakini zinapigwa katika mitaa ya leo, vitabu vya shule vyenye picha za alama za barabarani, tafsiri za miongozo ya watalii, kuficha jina la mtaa wa mtu anayehitaji ulinzi, kumwonyesha mteja kibao kabla ya kukatwa bati, kurejesha herufi zilizofutwa na jua.

Katika yote hayo masharti ni mawili. Picha ya asili ihifadhiwe bila kuguswa, na ile iliyobadilishwa ielezwe hivyo kwenye maelezo yaliyo chini yake, kwa herufi zinazosomeka: "Maneno ya kibao yamebadilishwa." Mwandaaji wa maonyesho asiyetaka kuandika maneno hayo manne asipewe picha.